Walioniambia "iko poa" ndio walionichelewesha: nilivyopata picha ya LinkedIn

Ukitaka kuishi na picha mbaya mwaka mzima, itume kwenye kundi la WhatsApp la watu uliosoma nao. Yangu ilijibiwa "mkurugenzi huyo", "umetoka bomba kaka", na alama za moto zisizo na idadi. Mmoja tu ndiye aliyejitia mkosoaji, akasema ningetabasamu kidogo. Nikaipandisha LinkedIn, nikakaa kusubiri waajiri waone mhasibu mtanashati.

Aliyeniamsha ni mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa na studio Magomeni enzi za filamu. Nilimwamkia, nikampa simu aione picha. Akainyoosha mbali na macho yake, mkono wote, akakunja uso.

"Mwanangu, shati nimeliona. Wewe uko wapi?"

Niseme kwanza ile picha ilivyopatikana, maana iligharimu. Kuna mwenzangu kazini anayeamini mwanga ukiwa mwingi picha inakuwa nzuri, na kwamba picha ya kiofisi lazima iwe na ukuta mweupe. Akanitafutia kijana mwenye kamera kubwa, tukakubaliana elfu thelathini na ushee, bajaji juu yangu. Tukakutana kwenye bustani ya hoteli moja saa sita mchana, Oktoba. Nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, nimesimama na mgongo umegusa ukuta uliopakwa chokaa juzi. Jua liko utosini. Na hapo si kwa kusema tu: Dar jua hupita juu ya kichwa kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Mimi nililifuata siku zake hasa. Jasho linachuruzika, kijana ananiambia "kidevu juu bosi, juu zaidi", nami nanyanyua kidevu kama ninayehesabu kunguru. Alipoona uso unatoka mweusi, akawasha flashi. Paji la uso likang'aa, pua ikang'aa, na nyuma yangu ukutani kikajichora kivuli chenye ncha kali, cha mtu mwenye shingo nene kuliko yangu. Akachagua moja ambayo flashi haikuwaka, akaninong'oneza kwamba atairekebisha kwenye kompyuta. Akaongeza mwangaza usoni hadi ngozi ikawa na rangi ya majivu, na chini ya macho pakajaa chenga.

Hiyo ndiyo iliyoitwa bomba.

Mzee hakunifundisha kamera. Alinifundisha kuisoma picha, na aliianzia machoni. Akaikuza mpaka jicho likajaa kioo, akaniuliza kama naona nukta nyeupe ndani ya mboni. Hapakuwa na kitu, mashimo mawili tu. Ile nukta ni taswira ya chanzo cha mwanga. Ikiwa juu kidogo ya mboni, upande mmoja, mwanga umetoka mahali pazuri. Ikikosekana, mwanga unatoka juu mno, na mfupa wa nyusi umeyafunika macho. Ikiwa ni pete, mtu ametumia ile taa ya duara ya watengeneza video. Kisha akashuka puani. Kivuli cha pua yangu kilikuwa kimeanguka wima juu ya mdomo, nina masharubu ambayo sijawahi kufuga. Kivuli hicho kingetakiwa kiende pembeni na chini kidogo, kwenye shavu, na kiishie kabla ya kugusa mdomo.

Nikamuuliza kuhusu weusi wa uso, maana kamera ilikuwa ya bei. Akacheka. Kamera hupima mwanga wa kila kilichomo, ikajaribu kuuleta kwenye wastani wa kijivu. Ukiijazia ukuta mweupe na shati jeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Simu za sasa hutambua uso na kujaribu kuusaidia, lakini nyeupe ikiwa imejaa huku na huku, bado uso unabaki nyuma. Kwa hiyo ukuta mweupe, ambao kila mtu anaushauri kama dawa, kwangu ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Picha niliyo nayo sasa nimeipigia nyumbani, mlangoni, kwa simu, mpigaji akiwa mdogo wangu Salma aliyelipwa chipsi mayai. Mlango wetu wa sebule unatazama uani, na uani kuna kivuli cha mwembe na ukuta wa jirani. Jua halipigi pale moja kwa moja, ila anga yote inamwaga mwanga kupitia uwazi wa mlango. Nilisimama ndani, hatua moja na nusu kutoka kizingiti, nimetazama nje. Ukisogea hadi kizingitini mwanga wa juu unarudi na mashimo ya macho nayo yanarudi. Ukizama sana ndani, unafifia na simu inaanza kutoa chenga. Hapo katikati unajigeuza polepole, mwenzako akitazama pua yako, mpaka kile kivuli kihamie shavuni. Mimi bega langu la kushoto ndilo lililokwenda mlangoni, kisha uso nikaurudisha kidogo kwenye simu.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote kwenye kundi ni kwamba ngozi yetu huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Mwanga mdogo mkali, kama flashi, unaacha vidoa vidogo vyeupe kwenye paji na ncha ya pua, basi. Mwanga mpana kama mlango mzima unaacha mng'ao mpana, laini, unaofuata mfupa wa shavu na taya, na ndio unaomfanya mtu aonekane ana sura. Kwa hiyo usijipake poda mpaka ufe, futa jasho na mafuta kwa tishu, mng'ao uliobaki uache. Filta za kulainisha ngozi zinaufuta huo huo.

Upande wa pili wa uso ulikuwa bado mzito. Nikatandika shuka jeupe juu ya kiti kirefu, nikalisogeza karibu na shavu la kulia mpaka Salma akalalamika linaingia kwenye picha, tukalirudisha nyuma kidogo tu. Likarudisha mwanga wa kutosha. Awali tulijaribu bila shuka karibu na ukuta wa ukumbi, ambao ni wa kijani, shavu likatoka na ukijani wa mtu anayeumwa. Na zima taa. Taa ya dari ikiwaka wakati mlango unatoa mwanga wa mchana, nusu ya uso inakuwa na rangi nyingine, na ukirekebisha rangi moja kwenye programu, nyingine inaharibika.

Miwani ilinitesa kuliko vyote. Mlango wote ulijichora kwenye vioo, macho hayaonekani. Rafiki alishauri niivue, lakini watu wananijua nikiwa nayo. Dawa, ambayo naidai kuwa ni yangu ingawa nasikia wapiga picha wote wanaijua, ni kunyanyua mikono ya miwani juu ya masikio kidogo, chini ya sentimita moja, vioo vielekee chini. Kile kinachojichora kinashuka nje ya njia ya kamera. Kwa mbele hakuna anayegundua. Kwa pembeni ungenicheka.

Mandharinyuma tuliipata kwa kubahatisha nusu nusu. Nyuma yangu palikuwa na ukumbi wenye giza, na nywele zangu zikamezwa humo, kichwa kikaishia kwenye paji. Salma akaenda kufungua dirisha la jikoni, ukuta wa mwisho ukapata mwanga kidogo, kichwa kikajitenga. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi tuliiondoa ukutani, na mlango wa friji uliokuwa ukitoa mstari wima juu ya utosi wangu tukauepuka kwa mimi kusogea kidogo upande. Ukuta wenyewe ulikuwa kama mita tatu nyuma yangu, na umbali huo ndio uliofanya vitu vitulie bila ufundi. Ile namna ya simu ya kufifisha nyuma niliijaribu, ikala mkono wa miwani na kipande cha sikio. Mkosoaji yeyote akitaka kujua kama nyuma pamefifishwa na simu, akague masikio, nywele, na kingo za miwani au mtandio. Shati jeupe nilibadilisha na la bluu iliyopauka.

Kuhusu umbali nina hasira yangu binafsi. Watu wanapiga kwa kamera ya mbele, mkono umenyooshwa, halafu wanalaumu pua zao. Pua haina kosa. Kwa karibu hivyo iko karibu na kamera kuliko masikio kwa kiasi kinachoonekana, basi inavimba, masikio yanakimbilia nyuma. Salma alisimama kama mita mbili, kamera ya nyuma, akavuta mara 2, simu ikiwa usawa wa macho yangu. Ameninyima urefu Mungu, yeye akakunja magoti kidogo, ikawa sawa. Akigusa uso wangu kwenye kioo kabla ya kupiga, na kuongeza mwanga kidogo kwa kidole, uso ndio unaopimwa.

Acha nafasi kuzunguka kichwa unapopiga, ukataji ufanyike baadaye. LinkedIn wanakata kwa duara, pembe nne zote zinapotea, na aliyejaza fremu anakatwa utosi. Mimi nilikata mraba, chini ukiishia kidogo tu chini ya kola, macho juu kidogo ya katikati, nafasi ndogo juu ya nywele. Uso ukachukua zaidi ya nusu ya urefu. Wao wanataka angalau pikseli 400 kwa 400, nami nikaweka kubwa zaidi ya hapo. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ukali. Ndiyo maana Salma alinitumia kama faili.

Kisha jaribio la mzee: ipunguze hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa sababu hivyo ndivyo watu watakavyoiona pembeni ya jina lako. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ukunje macho. Kinachong'aa zaidi ndicho kinachoonwa kwanza. Kwenye ya bustani kilikuwa shati. Kwenye hii ni shavu la kushoto, halafu macho.

Nilimpelekea. Akainyoosha mbali tena, akanyamaza, kisha akasema kola ya kulia imesimama. Kweli imesimama. Nimeiacha.