Advansi ya elfu ishirini

Barua ilifika shuleni kwa mama mdogo, si kwangu. Ilikuwa Januari 2016, shule zimefunguliwa karibuni, na yeye yuko darasani anafundisha hesabu. Mwalimu mkuu akamkabidhi bahasha yenye nembo ya kampuni ya bima niliyokuwa nikiifanyia kazi. Ndani aliambiwa kwamba mpwa wake, ambaye yeye alimdhamini, anadaiwa shilingi 53,760, na kwamba zisipolipwa katika siku 30 atadaiwa yeye. Alinipigia simu mapumziko ya saa nne. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hii pesa uliiba ama ulikopa?"

Sikuwa na jibu la neno moja, kwa sababu sikuiba na wala sikujua kama nilikopa.

Niliingia kazini Februari 2015, baada ya kufaulu mtihani wa cheti cha mawakala wa bima. Meneja wa tawi letu hapa Mombasa alituambia wageni sote: "Miezi sita ya kwanza kila mmoja atakuwa anapata elfu ishirini, mkijijenga." Mimi nikasikia mshahara. Kwenye mkataba liliandikwa neno jingine, advansi, na chini yake sentensi moja kwamba itarejeshwa kutoka kwenye kamisheni. Sentensi nyingine ilisema wakala si mwajiriwa. Ukurasa wa mwisho ulitaka mdhamini, mwenye kitambulisho na kazi ya kudumu. Mama mdogo alitia sahihi akiwa amesimama jikoni, karatasi ameiweka juu ya friji.

Bima niliyouza ilikuwa ya akiba na maisha, na wateja wangu walikuwa walimu wa shule za msingi za Rabai, Kaloleni na Mariakani. Walimu ndio wateja ambao kila wakala anawatafuta, maana ada yao hukatwa kwenye mshahara kabla haujafika benki, basi huna haja ya kumfuata mtu kila mwezi. Wote walichukua bima ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza kamisheni yangu ilikuwa asilimia 30, yaani 600, na ushuru wa asilimia 10 ukitolewa hapohapo hubaki 540. Hesabu hii ningeifanya siku ile ya kutia sahihi, ningeona mapema. Ili kamisheni ifunike elfu 20 za mwezi mmoja, lazima uwe na walimu 38, na wote wawe wanakatwa mwezi huohuo. Hakuna mgeni anayeanza na walimu 38.

Tena pesa zenyewe huchelewa. Fomu ya mwalimu wangu wa kwanza niliijaza Februari. Ilipelekwa kwa mwajiri wake, TSC, akaanza kukatwa mshahara wa Machi, na kampuni ikapokea pesa hizo Aprili. Kwa hiyo taarifa zangu mbili za mwanzo hazikuwa na kamisheni hata senti, lakini advansi ilikuwa imeshaingia mara mbili. Nauli ya matatu kwenda Kaloleni, kupiga kopi za fomu, muda wa maongezi, hata soda ya kumnunulia mwalimu mkuu, vyote vilitoka kwenye elfu 20 hiyohiyo. Nikiitazama leo naona nilikuwa nakopa nauli ya kwenda kumfanyia kazi yule aliyenikopesha.

Taarifa ya kila mwezi ilikuwa karatasi moja. Upande wa kushoto majina ya wateja, kulia kamisheni, na chini kabisa mstari wa salio uliosogezwa kutoka mwezi uliopita. Mbele ya namba hiyo palikuwa na kistari kidogo cha kutoa. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba kwenye kopi hafifu kilionekana kama doa la wino. Mimi nilisoma majina, nikayahesabu, nikafurahi yanavyoongezeka: wanne Aprili, 9 Mei, 15 Juni, 22 Julai. Mstari wa chini sikuujali. Jumla ya kamisheni yangu kwa miezi yote sita ilikuwa 27,000. Advansi ilikuwa 120,000. Siku advansi iliposimama, mwisho wa Julai, kile kistari kilikuwa mbele ya 93,000.

Wale 22 si wote niliowauzia. Niliandika fomu 31, na tisa zikarudi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna aliyetufundisha. Mwalimu akishakatwa mikopo ya sako na ya benki, mshahara unaobaki mkononi haufai kushuka chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mwalimu mmoja wa Mariakani alikuwa na mshahara wa msingi wa 18,000, kwa hiyo theluthi yake ni 6,000. Mkononi alikuwa akibakiwa na 7,300. Nafasi iliyobaki ni 1,300, na mimi nimemwandikia bima ya 2,000. Fomu ikarudi bila makato. Yeye akadhani ana bima, na mimi nikadhani nina mteja. Tangu hapo nilijifunza kuomba slipu ya mshahara kabla sijatoa kalamu, lakini ilikuwa Julai tayari.

Agosti na Septemba sikupata kitu mkononi. Kampuni ilichukua kamisheni yote kulipa deni, na ninakiri deni lilishuka vizuri, likafika 66,540. Nilikuwa na walimu 25 wanaokatwa. Nikajiambia miezi mitano tu nivumilie. Mwenzangu mmoja aliyeingia siku moja nami hakuweza kusubiri. Alianza kuwalipia wateja ada ya mwezi wa kwanza kutoka mfukoni mwake ili afikishe lengo na aongezewe advansi. Wateja wale hawakuwahi kuitaka bima, na mwezi wa pili zote zilikatika. Aliondoka na deni mara mbili ya langu, na simu yake ikawa haipatikani.

Kisha ukaja mgomo. Walimu nchi nzima waliweka chaki chini mwanzo wa Septemba 2015, wakidai nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyokuwa wamepewa na mahakama, na wakakaa nyumbani kama wiki tano. Waliogoma hawakulipwa mshahara wa Septemba. Nilikuwa upande wao na bado niko. Mama mdogo mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mwezi huo tulikula kwa mkopo wa duka. Lakini pasipo mshahara hapana makato, na pasipo makato hapana kamisheni. Taarifa yangu ya Oktoba ilikuwa na majina 25, na mbele ya kila jina sifuri.

Sikuutarajia mwezi uliofuata. Wakati wa mgomo walimu walikopa ili watoto wale. Mshahara wa Oktoba ulipoingia, marejesho ya mikopo hiyo yalikuja nao, na sita kati ya wateja wangu wakashuka chini ya theluthi. Ada yao ikakosa kukatwa mwezi wa pili mfululizo, na bima zao zikafa. Mkataba wangu ulisema bima ikifa kabla ya kutimiza mwaka, kamisheni yote iliyolipwa hurudishwa. Walimu hao walikuwa wamelipa miezi mitano kila mmoja. Kampuni ilirudisha kwenye deni langu 600 kwa kila mwezi, wala si 540, yaani pamoja na ule ushuru uliokwisha kwenda serikalini kwa jina langu. Zilikuwa 18,000 kwa mkupuo mmoja. Waliobaki 19 walinipa 10,260. Mwezi huo nilifanya kazi kila siku, na deni likapanda hadi 74,280.

Lilipofika 53,760, kampuni ikavunja mkataba kwa sababu sikufikisha lengo miezi mitatu. Ndipo barua ikaandikwa.

Jumatatu iliyofuata mama mdogo aliomba ruhusa, tukaenda ofisini pamoja. Alivaa nguo yake ya mikutano ya wazazi, na mkononi alikuwa na taarifa zangu zote, kumi na mbili, amezipanga kwa miezi na kuzibana kwa klipu. Usiku kucha alikuwa amezisahihisha kama madaftari. Kila jina lililokufa alilipiga mstari, na kila lililo hai aliliwekea vema kwa kalamu nyekundu.

Meneja alitupokea kwa heshima. Alisema, "Mwalimu, tunasikitika, lakini deni ni deni."

"Deni silikatai," mama mdogo akasema. "Kijana amezila hizo pesa na mimi nimetia sahihi. Swali langu ni moja. Hawa 19 wenye vema, bado wanakatwa?"

"Ndiyo. Bima zao zinaendelea."

"Na kamisheni yao mwezi huu inaenda wapi?"

Meneja alieleza kwamba wakala akiondoka, kamisheni hukoma, na wateja wake hupewa wakala mwingine wa kuwahudumia. Sisi mawakala tuliziita bima yatima. Mama mdogo aliandika 10,260 pembezoni mwa karatasi, akazidisha mara tano, akaisukuma mezani.

"Basi mnachukua mti, na matunda yake mnanidai mimi," akasema. "Acheni kamisheni ya hawa watu ilipe deni lake. Ikiisha, wapeni mnayemtaka."

Meneja hakujibu palepale. Alitoka na ile karatasi, tukakaa karibu saa nzima. Nilitazama mikono ya mama mdogo magotini, ina vumbi la chaki kwenye mikunjo ya vidole. Nilitaka kumwomba radhi na maneno yakanikwama. Meneja aliporudi alikuwa na makubaliano ya ukurasa mmoja: namba yangu ya uwakala ingebaki wazi miezi sita kwa ajili ya kulipa deni tu, na mdhamini asisumbuliwe katika muda huo. Mama mdogo aliisoma mara mbili, akataka liongezwe neno "kwa maandishi" mahali palipoahidiwa taarifa ya kila mwezi. Liliongezwa kwa mkono, na wote watatu tukatia sahihi pembeni.

Kufikia Julai zilibaki 9,400, kwa kuwa baadhi ya bima zilikuwa zimeingia mwaka wa pili na kamisheni yake ilishuka. Nilizilipa kwa M-Pesa mara mbili, kutokana na kazi ya duka la vifaa vya ujenzi niliyopata Mtwapa. Barua ya kumwondolea mama mdogo udhamini niliifuata mwenyewe, nikampelekea nyumbani jioni. Aliisoma akiwa amesimama palepale jikoni, kando ya friji.

"Na yule mwalimu wa Mariakani," akauliza, "uliwahi kumwambia kwamba hana bima?"

Nilikuwa sijamwambia. Jumamosi hiyo nilipanda matatu, nikaenda.