Jinsi nilivyopima uhakika wa ushahidi wa ORS kwa GRADE: safu moja ya jedwali, dripu isiyopangwa

Katika kikundi chetu cha kuandaa mwongozo wa kutibu kuhara kwa watoto, mimi niliachiwa safu moja ya jedwali la ushahidi. Swali lake lilikuwa hili: mtoto aliyeanza kutibiwa kwa ORS yenye chumvi na sukari pungufu, ana uwezekano gani wa kuishia kutundikiwa dripu ambayo haikuwa kwenye mpango, akilinganishwa na mtoto aliyepewa ORS ya zamani?

ORS ya zamani ya WHO ilikuwa na osmolariti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka, ya miliosmoli 311 kwa lita, ndani yake sodiamu milimoli 90 na glukosi 111. Ya sasa ni 245, sodiamu 75 na glukosi 75. WHO na UNICEF waliihamia hii mpya mwaka 2002. Kwa hiyo pakiti zilizopo wodini ni za sasa, na hakuna aliyekuwa akitaka kurudi nyuma. Lakini mwongozo ukishasema "tumia hii", lazima useme pia tuna uhakika kiasi gani, na mapitio ya 2002 tuliyoyategemea, ya Cochrane, mtandao unaojumlisha majaribio ya tiba, yaliandikwa kabla GRADE, mfumo wa kupanga uhakika wa ushahidi kwa madaraja, haijaenea. Namba zilikuwepo, hukumu haikuwepo.

Mapitio yalikuta majaribio 11 yaliyoripoti dripu isiyopangwa. Uwiano wa odi, yaani odi za kutundikiwa dripu kwa ORS mpya zikigawanywa kwa odi za ile ya zamani, ulikuwa 0.59, na masafa yake ya asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani ya kweli huenda imo, yalianzia 0.45 hadi 0.79. Ukiitazama namba hii peke yake unaridhika haraka, kwa sababu masafa yote yako chini ya 1, upande wa faida ya ORS mpya. Hapo ndipo watu wengi huandika "uhakika wa juu" na kuendelea na safu inayofuata. Mimi naona kazi inaanzia hapo, kwa kuwa mganga wa zahanati hafanyi uamuzi kwa uwiano wa odi. Anataka kujua ni watoto wangapi kati ya wale anaowaona wataepuka dripu.

Kwa hiyo kabla ya kuwaonyesha wenzangu namba yoyote, niliwauliza: dripu zikipungua kwa kiasi gani katika kila watoto 1,000, mtasema tofauti hiyo ina maana? Muuguzi wa wodi ya watoto ndiye aliyejibu kwa kina. Alieleza habari ya kutafuta mshipa kwa mtoto aliyekaukiwa maji, kanula inayotoka usiku, mkono unaovimba, na muuguzi mmoja wa zamu anayelazimika kukaa na mtoto mmoja huku wengine wakisubiri. Daktari wa watoto akaongeza hoja ambayo kwangu ilikuwa nzito zaidi: pakiti mpya ina chumvi na glukosi kidogo kuliko ya zamani, kwa hiyo kuibadilisha hakutuongezei mzigo. Kama hakuna gharama kubwa upande wa pili, hata faida ndogo inatosha. Tukakubaliana juu ya 20 kwa kila 1,000. Chini ya hapo, tungesema faida ni ndogo mno kuitegemea.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu kikomo kikiwekwa baada ya kuona matokeo, kitafuata matokeo. Nimeona majedwali ambayo kikomo chake kinakaa kwa bahati ya ajabu nje kidogo tu ya masafa.

Ndipo nikageuza uwiano kuwa watoto. Kwa hatari ya kuanzia nilitumia jaribio la CHOICE la 2001, lililofanyika Bangladesh, Brazil, India, Peru na Vietnam kwa watoto 675 wa kati ya mwezi 1 na miezi 24. Waliopewa ORS ya zamani, 50 kati ya 334 walitundikiwa dripu, yaani asilimia 15. Waliopewa mpya ni 34 kati ya 341, asilimia 10. Nikachukua 150 kwa kila 1,000 kuwa mwanzo.

Hesabu yenyewe ni fupi, ila lazima ipitie odi, kwa maana uwiano wa odi hauzidishwi moja kwa moja na asilimia. Odi ni waliotundikiwa kugawanya kwa wasiotundikiwa:

```
150 / 850 = 0.176
0.176 x 0.59 = 0.104
0.104 / (1 + 0.104) = 0.094
```

Maana yake, kutoka watoto 150 tunashuka hadi 94: dripu 56 pungufu kwa kila watoto 1,000. Nikirudia kwa ncha mbili za masafa, 0.45 inatoa 76 pungufu na 0.79 inatoa 28 pungufu. Hata ncha mbaya zaidi, 28, iko upande mzuri wa kikomo chetu cha 20. Programu ya GRADEpro inakufanyia hesabu hii yenyewe, lakini napenda kuifanya kwanza kwa mkono, maana programu haikuulizi kama ile 150 uliyoiandika inawahusu watoto wako.

Kisha nikapita kwenye vigezo vitano vya kushusha daraja. Majaribio ya mgawo wa nasibu huanza na uhakika wa juu, halafu kila dosari nzito inashusha daraja moja, au mawili ikiwa nzito sana.

Upendeleo katika uendeshaji ndio ulionichukua muda. Kupima uzito wa kinyesi ni jambo moja. Kumtundikia mtoto dripu ni uamuzi wa mtu. Daktari akijua mtoto huyu anakunywa dawa mpya anayoiamini, anaweza kumvumilia saa moja zaidi. Kwa hiyo kwa tokeo hili hasa, kufichwa kwa pakiti kuna uzito kuliko kawaida. Katika CHOICE si familia wala wahudumu waliojua mtoto anapewa ipi, na matokeo yake yalikuwa uwiano wa 0.6, karibu sawa kabisa na 0.59 ya majaribio yote kwa pamoja. Hilo ndilo lililonituliza. Kama jaribio kubwa na lililofichwa vizuri lingetoa 0.9 na madogo yakatoa 0.3, ningeshusha daraja bila kusita, hata kama jumla yao ingebaki pale pale. Sikushusha.

Kutolingana kwa majaribio hakukunisumbua. Mapitio hayakuona dalili yake. Upendeleo wa machapisho pia niliuacha, kwa sababu ishara ya faida haitoki kwenye majaribio madogo tu.

Kigezo cha kama ushahidi unajibu swali letu moja kwa moja kilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni dawa yenyewe. Mapitio yaliita "pungufu" ORS yoyote yenye osmolariti ya 250 au chini yake, na si zote zilikuwa 245. Jaribio kubwa la 1995 la Brazil, India, Meksiko na Peru lilitumia ya 224. Nilijiuliza kama tunapima pakiti yetu au jamaa zake tu. Lakini namna zinavyofanya kazi ni ile ile: glukosi na sodiamu huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo na maji hufuata, ilhali zikizidi ndani ya utumbo huyazuia maji yabaki humo. CHOICE, iliyotumia 245 kamili, ikaenda upande ule ule. La pili ni kwamba watoto 447 wa jaribio la 1995 walikuwa wavulana watupu, kwa kuwa kwa mvulana ni rahisi kukinga mkojo kando na kupima kinyesi peke yake. Mjumbe mmoja alitaka tushushe daraja kwa hilo. Nilimjibu kwamba lazima kwanza tuwe na sababu ya kudhani utumbo wa msichana unanyonya maji tofauti, na hatukuwa nayo.

Kipindupindu nilikiweka nje ya safu. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza sodiamu nyingi mno kwenye kinyesi, na Cochrane ina mapitio yake ya pekee. Kukiingiza humu kungetulazimu kushusha daraja kwa watoto wengine wote kwa ajili ya swali lisilo lao.

Kilichobaki ni usahihi wa makadirio. Masafa hayakugusa kikomo, lakini GRADE inataka pia uangalie kama watoto waliopimwa wanatosha, maana faida kubwa kutoka kwa watu wachache huwa inapungua majaribio yakiongezeka. Nilikokotoa ukubwa ambao jaribio moja lingehitaji ili kuona kushuka kutoka asilimia 15 hadi 9.4, kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo: watoto wapatao 530 kila upande, jumla 1,060 hivi. CHOICE na lile la 1995 peke yake yanafikisha 1,122. Yanatosha, kabla hata ya kuhesabu mengine.

Hapo ningeweza kufunga: uhakika wa juu. Lakini mwongozo wetu unasomwa pia na zahanati, na mtoto anayefika zahanati akiwa bado ananyonya na macho hayajadidimia hana hatari ya 150. Nikarudia hesabu kwa hatari ya kufikirika ya 50 kwa kila 1,000. Uwiano ni ule ule, 0.59, ila sasa faida ni dripu 20 pungufu, na masafa yanaanzia 27 hadi 10. Kikomo chetu kimekaa katikati kabisa. Kwa watoto hawa siwezi kusema nina uhakika wa juu kwamba faida inafika 20. Inawezekana ikafika, inawezekana isifike. Nikashusha daraja moja kwa kukosa usahihi, na ushahidi ule ule ukawa wa wastani.

Mjumbe mmoja aliona ni ajabu majaribio yale yale kupata madaraja mawili. Nilimwonyesha kuwa hatupimi ubora wa majaribio. Tunapima kiasi tunachoweza kusimamia kauli fulani, na kauli zilikuwa mbili: kwamba faida inazidi 20 kwa mtoto wa wodini, na kwamba inazidi 20 kwa mtoto wa zahanati. Kama kauli ingekuwa tu "dripu zinapungua, iwe kwa wingi au uchache", zote mbili zingebaki juu.

Jedwali likaingia na mistari miwili kwa tokeo moja. Chini ya mstari wa pili niliandika maelezo haya: "Daraja limeshushwa moja kwa kukosa usahihi, masafa (dripu 27 hadi 10 pungufu kwa watoto 1,000) yanavuka kikomo cha 20 kilichokubaliwa kabla ya kuona matokeo. Hatari ya kuanzia ya 50 ni makadirio ya kikundi, haikutoka kwenye majaribio." Sentensi ile ya mwisho ilitaka kuondolewa ili maelezo yawe mafupi. Niliing'ang'ania, kwa kuwa zahanati yenye daftari lake la wagonjwa inaweza kuitoa ile 50, ikaweka namba yake yenyewe, na kupata jibu lake.