Taito ya vidio niweke Kiswahili ama Kizungu? Vile nilikuja kuamua

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kondele, Kisumu, na jioni kazi ikipungua huwa narekodi vidio za kuonyesha watu vile wanaweza kurekebisha vitu vidogo vidogo bila kunipigia simu. Kwa vidio naongea vile naongea garageni, yaani Kiswahili ndicho kinabeba, halafu majina ya vipuri ni Kizungu, na mara moja moja Kijaluo kinatoroka nikijigonga kidole. Kuongea hakujawahi nisumbua. Kitu kilinisumbua karibu mwaka mzima ni ile laini moja ya juu, taito.

Vidio ilinifundisha ni ya kuosha kabureta ya Boksa. Siku ya kuipandisha niliogopa kukosa mtu yeyote, wa Kizungu na wa Kiswahili, nikaandika hivi:

`How To Clean Boxer Carburetor Pikipiki Inakula Mafuta Sana Full Tutorial Jinsi Ya Kuosha Carburetor`

Hiyo ni herufi 99 ukihesabu na nafasi, na YouTube inakubali 100, kwa hivyo nilijiona mjanja kweli, nimejaza tanki mpaka juu. Kumbe kwa simu hakuna mtu alikuwa anaiona yote. Kijana mmoja wa boda alikuja siku moja pikipiki ikitoa moshi mweusi, plagi nyeusi tititi kama makaa, nikamwambia si uangalie ile vidio yangu. Akaitafuta hapo mbele yangu, na kwa simu yake kilichobaki kwa taito ilikuwa kale kamwanzo tu ka Kizungu kisha nukta tatu. Akanipita! Aliteremsha kidole akaenda kwa vidio ingine, ndio nikamwambia, "Wee, hiyo umeruka si ndio yangu." Akaniambia, "Fundi, hiyo nilidhani ni ya Wahindi."

Sasa hapo ndio nilianza kufikiria vizuri. Huyu kijana anajua Kizungu, amemaliza fomu foo, kwa hivyo shida haikuwa ati hataelewa. Ni vile taito ilimwambia mwenye kuongea ndani ni nani, na ikamwambia uongo. Mtu anayechanganya lugha siku nzima hasomi taito akijiuliza kama ataelewa, anajiuliza kama huyu ni mtu wa huku na kama anaongea kuhusu shida yangu.

Nikaambiwa na binamu yangu anayesoma mambo ya lugha chuoni ati kuna mtaalamu anaitwa Carol Myers-Scotton alichunguza sana vile watu wa Kenya wanachanganya Kiswahili na Kizungu, na akasema kwa sentensi iliyochanganywa kuna lugha moja inatoa fremu na ingine inaingiza maneno tu. Mimi nikaielewa kama pikipiki, fremu ni moja, vipuri unaweza toa kokote. "Nime-clean carburetor" ni Kiswahili hata kama maneno mazito yote ni ya Kizungu, kwa sababu ile nime- ndio inashika kila kitu. Taito yangu ya kwanza ilikuwa na fremu mbili zimechomelewa katikati, na hiyo haiendi mahali.

Lakini kabla nifike hapo nilifanya kosa lingine, na hili ndilo nataka watu wasikie kwa sababu ukiwa mwenye chaneli ni ngumu kuliona. Niligundua kwa YouTube Studio unaweza weka taito ya lugha moja halafu unaongeza tafsiri yake. Unaenda kwa vidio, unafungua maelezo yake, huko chini ukibonyeza `Show more` kuna mahali pa `Title and description language`, unachagua `Swahili`, halafu kwa sehemu ya lugha na manukuu unaongeza `English` na unaandika taito ya Kizungu. Nikasema sasa nimemaliza mchezo, Mswahili ataona Kiswahili, Mzungu ataona Kizungu, mimi nitalala.

Wiki mbili baadaye komenti zikaanza. "Title ni kizungu lakini unaongea swa." Mwingine akaandika ati nimebadilisha taito kutafuta wazungu. Mimi nikifungua kwa simu yangu naona Kiswahili safi, nikifungua Studio naona Kiswahili, nikadhani watu wameamua kunisumbua tu. Mpaka nikashika simu ya mke wangu, nikaona Kizungu.

Sababu ni hii: YouTube haijui wewe unaongea nini nyumbani. Inachagua tafsiri ya kukuonyesha ikifuata mipangilio ya lugha uliyoweka, na simu nyingi hapa kwetu, ile siku unanunua mpaka siku inaanguka kwa choo, zinakaa tu kwa Kizungu. Mama anayeuza omena Kibuye anaongea Kijaluo na Kiswahili lakini simu yake imeandikwa `Settings`. Mimi simu yangu niliiweka Kiswahili kitambo kwa mchezo tu, na ndio maana nilikuwa mtu wa mwisho kujua. Kwa hivyo ile tafsiri niliyodhani ni ya Mzungu ilikuwa inaonyeshwa watu wangu wenyewe, na ile taito nilikaa nikiitunga kwa Kiswahili ilikuwa inaonekana na mimi na wachache wenzangu.

Ukitaka kujua kama imekupata usiangalie kwa Studio. Fungua YouTube kwa kompyuta bila kuingia kwa akaunti, enda kwa menyu ya juu utafute `Language`, weka `English`, angalia vidio yako, kisha badilisha uweke `Kiswahili` uangalie tena. Taito zikitofautiana, basi watu wako wanaona ile ya Kizungu. Nilifuta hiyo tafsiri siku hiyo hiyo. Tafsiri sio kitu kibaya, kama vidio ina manukuu ya Kizungu yenye mtu ameyaandika vizuri hapo inasaidia kweli, kwa sababu anayeingia atapata kitu cha kusoma. Mimi sikuwa na manukuu, kwa hivyo nilikuwa naita watu mezani na hakuna chakula.

Na bado nikakuta kwa mipangilio ya kupandisha vidio, `Upload defaults`, nilikuwa nimeacha `Video language` ikiwa Kizungu. Hiyo ni kitu tofauti na lugha ya taito, hii ni ya sauti. Ndio maana manukuu ya kujitengeneza yalikuwa yanasikiliza Kiswahili changu kama Kizungu na kuandika vichekesho. Nikabadilisha nayo.

Sasa, Kiswahili kikiwa fremu, nitie maneno gani? Hapa sikutaka kukisia. Niliingia kwa `Analytics` ya ile vidio, `Reach`, nikabonyeza `YouTube search` nikaona maneno yenyewe watu wameandika mpaka wakafika kwangu. Hiyo orodha ilinichekesha na ikanifunza. Watu walikuwa wanaandika `boxer kukula mafuta`, `pikipiki inakula mafuta`, `jinsi ya kusafisha carburetor`, `boxer carburetor cleaning`. Ukiangalia vizuri utaona shida wanaiandika kwa Kiswahili lakini kipuri wanakiandika kwa Kizungu, na kwa spelingi ya Kizungu, vile imeandikwa kwa boksi dukani. Hakuna hata mmoja alikuwa ameandika kabureta na K, hata kama garageni sisi wote tunasema kabureta. Na hakuna aliyesema kuosha. Ni mimi peke yangu naosha kabureta, wengine wote wanasafisha.

Kama vidio ni mpya na haina maneno ya kutafutwa, anza tu kuandika kwa kisanduku cha kutafuta bila akaunti yako, andika `boxer inaku` uache, uone inakumalizia na nini. Ukiwa kwa akaunti yako inaweza kukuletea yale umezoea kutafuta, na hayo ni yako, sio ya watu.

Basi nikaandika:

`Boxer inakula mafuta? Safisha carburetor hivi`

Herufi 45. Shida iko mbele kwa Kiswahili, kipuri kiko kwa Kizungu vile wanakitafuta, na ile inakula na safisha zinakuambia mapema huyu fundi ataongea nini. Hata simu ikikata mkia, ile imebaki bado ina maana.

Kupima kama imesaidia nilikaa mkono kwa mfuko siku 28, sikugusa picha ya juu, kwa sababu ukibadilisha picha na taito pamoja hutajua ni gani imekubeba. Halafu nikaangalia `Impressions click-through rate`, yaani kati ya mara ambazo vidio imeonyeshwa ni mara ngapi mtu amebonyeza. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na vidio zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwa hivyo usilie ukiona 4. Yangu kwa jumla ilikaa palepale, nikavunjika moyo kidogo, mpaka nikaangalia ya kutafuta peke yake, huko ilikuwa imepanda vizuri. Kumbe vidio ilikuwa imeanza kuonyeshwa watu wengi zaidi kwa ukurasa wa nyumbani, watu ambao hata hawana Boksa, na hao wanavuta wastani chini. Linganisha njia moja na hiyo hiyo, kutafuta na kutafuta.

Na usidhani sasa kila kitu nimeweka Kiswahili. Nilikuwa na vidio ya waya za Boksa, nikaiita "mchoro wa nyaya za pikipiki", na ikalala kama maiti. Watu wa hiyo ni mafundi wenzangu na hakuna fundi nimewahi sikia akisema mchoro wa nyaya, sote tunasema waya dayagramu, na kwa simu tunaandika Kizungu. Hapo fremu ikawa Kizungu: `Boxer wiring diagram (kwa Kiswahili)`. Hiyo ya kwa mabano ni ya heshima tu, mtu asiingie akitarajia Mwingereza.

Siku hizi taito nikishaiandika naipeleka steji kabla ya kuipandisha, nampea mmoja simu namwambia asome kwa sauti. Akisoma laini yote kwa pumzi moja naiacha. Juzi mzee mmoja wa boda alisoma `Spark plug nyeusi inamaanisha nini` vizuri mpaka "inamaanisha", akasimama, akaniangalia. "Kijana wangu, si useme tu kwa nini plagi imekuwa nyeusi?" Nikaifuta hapo hapo nikiwa nimeegemea pikipiki yake, isipokuwa `spark plug` nikaiacha kwa Kizungu. Hapo mzee alinipinga, lakini ile orodha ya watafutaji nilikuwa nimeiona mimi.