Ahadi za kwenye kikao cha msiba

Juzi binti wa kaka yangu amenipigia simu, sauti imejaa harusi. "Shangazi, mkopo wa riba ya asilimia kumi kwa mwezi ni nyingi?" Nikamwambia subiri kwanza nikae chini. Swali hilohilo baba yake hakuliuliza, usiku ule tunampangia mzee mazishi.

Kikao kilifanyika sebuleni, baba mdogo akiwa mwenyekiti. Bajeti ilianza na vitu vichache: jeneza, kaburi, gari. Kisha kila aliyefungua mdomo akaongeza. Jeneza la kwanza lilionekana la kawaida mno. Gari likawa magari. Mtu akasema kaburi lisiachwe bila kujengewa, kana kwamba marumaru nayo ingeoza tukichelewa. Kaka alithubutu kuuliza kama kuna cha kupunguza, na baba mdogo akavua miwani, akamtazama hadi chumba kizima kikanyamaza.

"Baba yako amekusomesha. Leo unamhesabia?"

Basi. Hakuna aliyegusa bajeti tena.

Zikafuata ahadi. Kila mtu alitaja kiasi chake kwa sauti, wengine wakashangiliwa, na mwandishi wa kikao akaziingiza kwenye safu moja na fedha taslimu. Nilikuwa nimekaa jirani yake, nikaona jumla ikipanda, ilhali kwenye bahasha hakukuwa na hata robo ya ile jumla. Wenye magari na jeneza walitaka malipo kabla ya kazi, na mochwari inahesabu kila siku. Kaka akatoka nje na simu yake. Aliporudi alisema, "Nimemaliza," na watu wakampa mkono kama aliyefaulu mtihani.

Masharti ya mkopo niliyaona baadaye sana. Tuseme alikopa mia moja. Tano zilikatwa palepale kama ada, akapokea tisini na tano. Riba kumi kila mwezi kwa miezi sita, ikikokotolewa juu ya mia ile ile ya mwanzo. Hapo ndipo penye mtego. Mwezi wa sita alikuwa amebakiwa na deni la kama kumi na saba hivi, lakini bado alilipia riba ya mia nzima. Jumla alirudisha mia moja na sitini. Ukipiga hesabu kwa salio analodaiwa kweli, ile asilimia kumi inageuka zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi.

Kaka alikuwa na hisa kwenye chama cha akiba na mikopo. Wao walitoza asilimia moja kwa mwezi, tena juu ya salio linalopungua. Mia ile ile, miezi ile ile sita, angerudisha mia na tatu na nusu. Kwa nini hakwenda? Chama kilitaka wadhamini na siku kadhaa za kupitisha maombi, na maiti haisubiri kamati ya mikopo. Simuoni mjinga hata kidogo. Ila kilichokuwa na haraka kweli ni jeneza, kaburi na gari moja. Hayo yangetosha kwa bahasha na mshahara wa mbele, ambao mwajiri wake alikuwa akitoa bila riba. Kujengea kaburi kungengoja mkopo wa chama, au kungengoja mwaka. Nani angeyasema hayo mbele ya ile miwani?

Ahadi nyingi hazikufika. Kaka alizifuatilia kwa aibu, kama yeye ndiye mdaiwa wao, halafu akaacha.

Binti yake nimemwambia aulize mambo mawili kabla ya kutia saini: mkononi nitapokea kiasi gani hasa, na jumla nitarudisha kiasi gani. Wakimjibu kwa asilimia tu, aondoke. Na ahadi za kamati ya harusi asizikopee. Mapambo ayachague fedha zikishaingia. Amesema ukumbi umeshalipiwa malipo ya awali. Sikumuuliza kwa fedha za nani.

Alipofariki shangazi yetu mkubwa niliomba daftari liwe na safu mbili, zilizopo na zilizoahidiwa, na bajeti isomwe kutoka ile ya kwanza peke yake. Jeneza likawa la kawaida, magari yakapungua, hakuna aliyekopa. Baba mdogo alikaa pembeni siku nzima. Wakati wa kuagana alinishika bega akasema dada yake alistahili zaidi ya vile. Kaka alikuwa amesimama karibu, akasikia, na akaitikia kwa kichwa.