Shilingi elfu kumi na tatu za kila mwezi

Tangu Jumapili sauti ya mdogo wangu Juma haijaniondoka masikioni. Nilimwambia mbele ya sahani ya wali kwamba pesa zinapotea kwenye simu yangu, na mtu pekee anayeijua namba yangu ya siri ni yeye. Aliweka kijiko chini, akanijibu polepole: "Kaka, nikikosa nauli huwa nakuomba mbele ya mama. Kwa nini nianze kukuibia usiku?"

Nilikuwa na sababu, au nilidhani ninazo. Kila mwezi pochi yangu ya simu ilipungua kiasi kisicholingana na cha mwezi uliopita: 12,870, kisha 13,115, kisha 12,940. Niliamini kwamba ada halali haibadiliki, ila mkono wa mtu hubadilika. Tena mwezi uliopita makato yalichelewa siku 3, yakatokea saa 8 usiku, saa chache baada ya mshahara kuingia, simu ikiwa inachaji sebuleni anakolala Juma.

Jumatano niliomba taarifa ya miamala ya miezi 6 na kumpigia mhudumu wa wateja. Alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: makato yote yalipitia kadi ya mtandaoni niliyoiunganisha na pochi, na hakuna hata moja lililoombwa namba ya siri, kwa kuwa muuzaji hupewa ruhusa mara ya kwanza, akahifadhi kadi na kuendelea kujikatia mwenyewe. Bei ilikuwa dola 5, ndiyo maana shilingi zilipanda na kushuka. Pochi ikiwa tupu, muuzaji hujaribu tena baadaye, na safari hii alifanikiwa mshahara ulipoingia.

Jina la muuzaji sikulitambua, kwa sababu lilikuwa la kampuni mama, wala si la tovuti. Nililitafuta katika barua pepe yangu bila mafanikio, hadi nilipokumbuka ile ya zamani niliyoifungua kwa ajili ya kuombea kazi. Risiti zote zilikuwa humo, na juu yake makaribisho ya majaribio ya siku 14 ya tovuti ya kutengenezea wasifu kazi. Nililipa pesa kidogo ili niupakue wasifu, nikaupakua, nikasahau kwamba majaribio yakiisha usajili huendelea kukatwa kila mwezi. Nimeghairi usajili huo, nimehifadhi ujumbe wa uthibitisho, kisha nimeifunga kadi ili isikubali makato mengine. Za nyuma wamekataa kuzirudisha.

Furaha ya kulipata jibu haikufika hata jioni. Nilimwomba Juma msamaha akiwa anafua. Akasema, "Yameisha, kaka," bila kuinua uso. Tangu siku hiyo, nikiacha simu mezani, yeye hutoka sebuleni, na mimi sijui nimwambie nini ili abaki.