Kijiko Kilichopoteza Jina Lake

Makala ilinifikia ikiwa na kurasa nne. Aliyeiandika alikuwa muuguzi aliyeijua kazi yake, ila sentensi zake zilikuwa nzito. Ilihusu maji ya sukari na chumvi anayonyweshwa mtoto anayeharisha, pale pakiti za dawa hiyo zinapokosekana. Mhariri wangu, mama mtu mzima aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alinikabidhi kwa maneno machache: "Iandike upya isomeke. Maana usiiguse."

Nilikesha nayo. Nilivunja aya ndefu, nikaunganisha sentensi zilizokatikakatika, nikafuta marudio. Asubuhi nilifanya ukaguzi niliouamini siku hizo: nikazungushia duara kila tarakimu na kila jina katika makala ya muuguzi, kisha nikatafuta kimoja kimoja kwenye nakala yangu. 1968 ipo. 1971 ipo. Asilimia 30 ipo, asilimia 3.6 ipo. Vijiko 6 vipo, nusu ipo, lita 1 ipo. Nikaenda kwa mhariri nikiwa na moyo mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ya muuguzi iache huko huko mkobani. Nipe yako tu."

Alisoma polepole mpaka kwenye maelezo ya kuchanganya. Hapo akanyoosha mkono kwenye kikombe kilichokuwa mezani, akatoa vijiko viwili, kimoja kidogo cha kukorogea chai na kimoja kikubwa cha kulia. Akavilaza juu ya karatasi yangu, sambamba.

"Kwa maandishi yako haya, mwenye mtoto anashika kipi?"

Nilitaka kusema kile kidogo, maana mimi nilijua. Nikatazama karatasi. Haikusema.

Muuguzi alikuwa ameandika hivi: "Chukua vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, iliyosawazishwa pia, ukoroge katika lita 1 ya maji safi." Sikio langu lilikwazwa na ule mfululizo wa "vya chai vya" na "cha chai cha", nikasafisha: "Koroga vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi." Sentensi inateleza vizuri. Lakini kijiko cha chai huchukua mililita 5, na cha chakula 15. Anayeshika kile kikubwa ameweka sukari na chumvi mara tatu ya kipimo, na kama hakusawazisha, zaidi ya hapo. Sukari ikizidi utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na kuharisha kunaongezeka badala ya mtoto kupata nafuu. Chumvi ikizidi hupandisha sodiamu kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege, hata kufa. Tarakimu zangu zote zilikuwa sahihi, na maelekezo yalikuwa ya hatari.

Ukaguzi wangu usingeweza kulikamata kosa hilo hata ningeurudia mara kumi, kwa sababu ulikuwa unatafuta tarakimu tu. Katika kuandika upya, tarakimu hupotea mara chache. Kinachotoweka ni neno dogo linaloishikilia: kijiko cha nini, kwa nani, kuanzia lini, "kwa" au "hadi".

Hilo la "kwa" na "hadi" tulilikuta ukurasa uliofuata. Muuguzi alisimulia kwamba mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bongaon, India, akiwahudumia wakimbizi waliougua kipindupindu, na dripu hazikutosha. Akawanywesha mchanganyiko wa kunywa. Vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6. Mimi niliandika kwamba mchanganyiko huo "ulipunguza vifo kwa asilimia 3.6". Mama alichukua penseli akatoa pembeni: 30 kutoa 3.6, inabaki 26.4. Kwa sentensi yangu, karibu kila wagonjwa wanne, mmoja bado alikuwa anakufa. Muujiza mzima ulimezwa na silabi moja.

Juu yake palikuwa na la kitenzi. Makala ya awali ilieleza kwamba mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walikuwa wameshaonyesha kuwa mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, na kwamba Mahalanabis "alitumia" njia hiyo kambini. Nilipounganisha sentensi mbili kuwa moja, "alitumia" likawa dogo mno kwa mdundo niliokuwa naujenga, nikaweka "aligundua". Majina matatu yalibaki, miaka miwili ilibaki, na sifa ikahamia kwa asiyestahili sifa hiyo.

Na jina lenyewe nililikosea. Niliandika Mahalanobis, kwa "o", kwa sababu ndilo nililokuwa nimezoea kuliona. Huyo ni mtu mwingine kabisa, Prasanta Chandra Mahalanobis, mwanatakwimu. Nilipokuwa nakagua, jicho lilisoma nilichotarajia, likapita.

Siku hiyo hakunirudishia karatasi nisahihishe. Alinipa daftari tupu na makala ya muuguzi, akaniambia niitoe nguo zote. Kila dai niliandike kwenye mstari wake, kwa sentensi kavu kabisa: nani, alifanya nini, kiasi gani, cha kitu gani, kwa sharti gani, na kwa uhakika wa kiwango gani. "Huenda" ibaki huenda. "Angalau" ibaki angalau. Ikaja mistari 23. Kisha akaifunga makala na daftari ndani ya droo, akanipa nakala yangu niivue nguo hivyo hivyo, bila kuchungulia. Mistari ikaja 21.

Kuificha ile ya kwanza ndiko kulikofanya kazi. Ukisoma maandishi mapya huku chanzo kiko wazi kando, akili hujaza yenyewe pengo lililoachwa, ndiyo maana nilikuwa "naona" kijiko cha chai mahali ambapo hakikuandikwa. Tulipoziweka orodha mbili pamoja, tulienda pande zote mbili. Kwanza, kipi cha muuguzi hakipo kwangu: lilikosekana lile sharti la pakiti kukosekana, na kipimo cha zinki, dawa anayopewa mtoto pamoja na maji hayo, cha miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, ambacho nilikuwa nimekimeza ndani ya zile miligramu 20 za wakubwa wao. Halafu, kipi changu hakipo kwake. Humo ndimo "aligundua" lilipojitokeza, na "wiki mbili" za kutumia zinki mahali pa "siku 10 hadi 14".

Orodha hizo hazijui kama muuguzi mwenyewe alikosea. Kwa hiyo vipimo vyake tulivilinganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, vikakubaliana.

Jioni nilirudi kwenye sentensi ya vijiko. Nilijaribu kuiokoa kwa njia tano au sita: kutaja kijiko mara moja mwanzoni, kuweka mabano, kuigawa. Kila mara nilimsomea mama kwa sauti, naye, bila kusema neno, alinyanyua kile kijiko kikubwa pale ambapo maneno yaliruhusu. Mwishowe nilisoma: "Vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, iliyosawazishwa. Maji safi, lita 1."

Kijiko kikubwa kilibaki mezani. Akaweka sahihi yake pembeni mwa aya.