Dirisha la Eutiko

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii liko Matendo 20:7-12. Wengi tunalijua kwa kicheko: Paulo anahubiri hadi usiku wa manane, taa nyingi zinawaka orofani, kijana Eutiko analemewa na usingizi, anaanguka kutoka orofa ya tatu na kuokotwa amekufa. Huwa tunalitumia kuwatania wanaosinzia ibadani. Mimi nililisoma upya baada ya usiku mmoja wa zamu, na sijalicheka tena.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Ratiba ya zamu hupangwa na sista mfawidhi, na ukiitazama inavyotoka mezani kwake haina neno: asubuhi, mchana, usiku, halafu mapumziko. Ila pembeni huwa kuna maandishi ya penseli, na hayo ni yetu. "Nishikie Jumanne usiku, nitakulipa." Kila ukibadilishana zamu unaandika deni, na madeni hayaji kwa mpangilio. Mwezi ule tulikuwa na mazoezi ya kwaya ya mkesha, kwa hiyo nilibadilisha zamu nne. Nilijiambia ni kwa ajili ya Bwana. Nadhani sehemu yake ilikuwa kweli, na sehemu nyingine ni kwamba sikupenda kukosekana.

Wiki ya kulipa ikawa hivi. Jumatatu niliingia mchana, nikatoka saa 2 usiku. Jumanne saa 1:30 asubuhi nikarudi, nikatoka saa 8 mchana, na saa 2 usiku nikaingia tena kulipa deni la kwanza. Jumatano nililala kwa muda wa saa tatu tu mchana, maana jua likishapanda mwili hauamini kwamba ni wakati wa kulala, na watoto wa jirani nao hawaamini. Jioni nikaenda mazoezini. Alhamisi niliamka saa 11 alfajiri, nikafanya zamu ya asubuhi, nikafua, nikapika, na usiku nikaingia kulipa deni la pili. Kwenye ratiba kila kisanduku kilikuwa na jina. Hakuna aliyeona kwamba majina mengi yalikuwa ya mwili mmoja.

Kitanda namba 6 alikuwepo mama aliyejifungua huku akipata kifafa cha mimba. Alikuwa kwenye magnesiamu salfeti, sindano ya gramu 5 kwenye tako kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile. Dawa hii inaokoa maisha, lakini ikizidi mwilini inalegeza misuli hadi ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi kuna mambo matatu ya kutazama: goti likigongwa linaruka, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, na mkojo umefika angalau mililita 100 kwa saa 4 zilizopita. Figo ndizo zinazoitoa dawa. Mkojo ukiwa mchache, dawa inabaki.

Saa 10 alfajiri nilimchoma dozi yake. Mfuko wa mkojo niliuona. Nakumbuka kuuona. Ulikuwa na kama mililita 60, na macho yangu yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya bango la barabarani. Kabla sijatia saini kwenye chati, mama mwingine akaniita, nikaenda. Saa 10:40 nikarudi, nikaona kisanduku cha saa 10 kiko tupu. Nikavunja chupa nyingine ya dawa, nikachanganya na mililita moja ya lignokeini kupunguza maumivu, kwa utaratibu kabisa, mikono yangu ikijua kazi. Nikamwambia ageuke.

Akasema, "Nesi, si umeshanichoma sasa hivi?"

Nikamjibu, "Hiyo ilikuwa nyingine, mama."

Sikudanganya. Niliamini. Sindano ile inaunguza, mtu haisahau nusu saa baadaye. Aliyesahau ni mimi. Wakati huo nilikuwa macho kwa karibu saa 24. Watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kushika usukani. Sijawahi kuonja pombe maishani. Na kama mlevi yeyote, ungeniuliza ningekuambia niko sawa.

Saa 11 na robo mwenzangu alikwenda kumpima presha, akamsemesha, akaona ulimi ni mzito. Akagonga goti, halikuruka. Akahesabu pumzi dakika nzima: 11. Kwenye trei ya kitanda chake zilikuwepo chupa mbili tupu za alfajiri ile. Daktari akaitwa, tukaweka oksijeni, akapewa kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, gramu 1, polepole mshipani kwa dakika 10 hivi. Mimi nilishika saa na kuhesabu kifua kikipanda. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kulipopambazuka zilifika 16, na goti likaanza kujibu.

Sasa rudini kwa Eutiko. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, haandiki kwamba kijana alikuwa mvivu au amepungukiwa imani. Anaandika kwamba alilemewa, kama mtu anavyolemewa na mzigo. Paulo naye hamkemei, anashuka, anamkumbatia, kisha anapanda tena na kumega mkate. Na kama kuna wa kulaumiwa kwa urefu wa ibada ile, basi si msikilizaji. Lakini mstari wa 9 unaeleza mahali alipoketi: dirishani. Usingizi hakuuchagua, dirisha alilichagua, tena mapema, akiwa macho bado. Waliosinzia sakafuni usiku ule, kama walikuwepo, hawakuandikwa.

Saa 10 alfajiri sikuwa na uwezo wa kuchagua kitu tena. Maombi yangu ya "Bwana nitie nguvu" niliyoyasema getini yalikuja nikiwa tayari nimeketi dirishani. Nilipochagua ni wiki mbili nyuma, nikiwa nimelala vizuri, nimeshika penseli.

Siku hizi nahesabu saa za kati ya zamu na zamu kabla sijasema ndiyo, na zisipofika 11 jibu ni hapana, hata kwa rafiki. Saini kwenye chati naitia hapo hapo, sindano ikiwa bado mkononi. Usiku tunaachiana nusu saa ya kujinyoosha, na anayeamka hagusi dawa hadi anawe uso na kutembea wodi nzima, kwa sababu kichwa huchelewa kuamka kuliko miguu. Kwaya nimewaambia mkesha mmoja sitakuwepo. Walinuna kidogo.

Kuhusu yule mama, niliandika taarifa ya kosa mwenyewe, kisha nikaenda kitandani kwake kumweleza. Siku anaruhusiwa nilimbebea mtoto hadi mlangoni. Alinitazama muda, akapokea mtoto wake, akajishika tako upande wa kushoto na kusema, bila hasira, "Lakini nilikwambia, nesi."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Uliniambia."